Aliyeacha kubeti alikuja kikundini kwetu Kaptembwo na kutufungulia tangazo la mkeka. Naomba mwenye hesabu aangalie

katibu_kapte

Wadau, salamu kutoka Nakuru. Jumapili alasiri kikundi chetu cha vijana hapa Kaptembwo kilimwalika jamaa mmoja aliyebeti miaka mingi kisha akaacha. Alipewa muda mfupi, kwa sababu baada yake kulikuwa na michango ya chama. Ameniruhusu niandike alichosema, ila jina lake nisilitaje. Wengi wetu pale ni bodaboda, mafundi wa kuchomelea, na vijana waliomaliza sekondari wanaosubiri chuo. Hakuna aliyehitaji kuelezwa kwamba mkeka ni beti moja ya mechi nyingi, ambazo zote ni lazima ziitike.

Alikuja na karatasi kubwa, kalamu nene, na simu yake ya zamani ambayo bado ina meseji alizokuwa akitumiwa. Naweka maneno yake kama nilivyoyanakili. Swali langu liko mwishoni.

"Vijana, mchungaji wenu yupo hapa, kwa hivyo habari ya dhambi namwachia yeye. Mimi nataka tuangalie tangazo moja tu, tena sehemu moja tu ya hilo tangazo. Mnalijua. Kijana wa rika lenu ameshika simu, wenzake wanamrukia, wengine wanalia kwa furaha. Msimwangalie uso. Angalieni kile kilichoandikwa kwenye simu yake. Mechi kumi. Dau shilingi 50. Ushindi elfu thelathini na kitu.

Sasa niambieni, nani amewahi kuona tangazo la mtu aliyeweka shilingi 1,000 kwenye mechi moja akapata 1,900? Watu wa namna hiyo wapo, na wanashinda kila siku. Mbona hawapigwi picha?

Nilibeti miaka mingi bila kujiuliza hilo. Jibu liko kwenye hesabu, na ni hesabu ya darasa la saba.

Chukua beti ya magoli, zaidi ya mawili na nusu au chini yake. Tuseme ni mechi ambayo nafasi ni nusu kwa nusu. Malipo ya haki yangekuwa mara mbili ya dau. Kampuni inalipa mara 1.90. Ukiweka mia upande huu, na jirani yako akaweka mia upande ule, kampuni imeshika mia mbili. Mmoja wenu atachukua 190. Kumi inabaki kwao. Kumi kwenye mia mbili ni asilimia tano. Hiyo ndiyo faida yao kwa mechi moja, na ukibaki hapo utapoteza pesa, lakini taratibu.

Sasa tia mechi kumi za aina hiyo kwenye mkeka mmoja. Nafasi ya zote kumi kuitika ni moja katika 1,024. Malipo ya haki kwa dau la 50 yangekuwa 51,200. Kampuni inazidisha 1.90 kwa 1.90 hadi mara kumi, inapata kama mara 613, na inakulipa 30,650. Zile elfu ishirini na kitu zimeenda wapi? Kila mechi imekatwa tano katika mia, na kila ukiongeza mechi unakatwa tena juu ya kile kilichobaki. Kwenye mechi moja kampuni inabaki na asilimia 5. Kwenye mkeka wa kumi inabaki na asilimia 40.

Ndiyo maana yule wa mechi moja hapigwi picha. Tangazo halikazani kukuambia ubeti, maana linajua utabeti. Linakazana kukuhamisha kutoka mechi moja hadi mechi kumi.

Na kwa nini linatushika sisi vijana wa kiume, tena sisi wa mfuko mdogo? Bodaboda ana 50 mkononi. Akiiweka kwenye mechi moja na akashinda, anaongeza 45. Arobaini na tano haimlipii nyumba. Haimpi leseni. Haimpi amana ya pikipiki yake mwenyewe ili aache kumpelekea mwenye pikipiki hesabu kila jioni. Mkeka ndio pekee unaomwonyesha 50 yake ikigeuka kuwa kiasi kinacholingana na shida yake. Elfu thelathini haikuchaguliwa ovyo. Ni amana ya pikipiki. Halafu wanamwambia, wewe unaujua mpira. Na kweli anaujua! Anaijua timu iliyomkosa beki wa kulia. Lakini wale wanaopanga bei ya mechi, yaani dau litalipwa mara ngapi, nao wanajua beki wa kulia hayupo, na wameshaipunguza.

Kuna kitu cha pili kwenye karatasi hii. Mkeka wa mechi kumi unashinda kwa njia moja tu. Lakini kukosa mechi moja kuna njia kumi, na kukosa mbili kuna njia arobaini na tano. Kwa hivyo kwa kila ushindi mmoja, utakutana na mikeka hamsini na tano iliyokufa karibu na mwisho. Ukicheza mkeka huo kila siku, utashinda kwa wastani mara moja katika karibu miaka mitatu. Lakini lile neno la 'ilibaki timu moja tu' au 'zilibaki mbili' utalisema karibu kila baada ya wiki tatu. Mimi nilikuwa nikilisema nikiamini kwamba nakaribia kuujua mchezo. Hesabu inasema kwamba hivyo ndivyo mkeka unavyokufa, hata kwa mtu aliyechagua timu akiwa amefumba macho.

Halafu likaja tangazo jingine. 'Mkeka ukichanwa na timu moja, tunakurudishia dau lako.' Nilidhani wana huruma. Hebu tupige hesabu. Katika mikeka 1,024, kumi tu ndiyo inayokosa mechi moja. Watarudisha mara kumi shilingi hamsini, yaani mia tano. Kwenye mikeka hiyo hiyo wamebaki na zaidi ya elfu ishirini. Na hiyo mia tano yenyewe hawakupi taslimu. Wanakupa bonasi ya kuchezea mkeka mwingine.

La mwisho, meseji. Hizi hapa. Nilipokuwa nacheza kila siku, zilikuwa chache. Nilipopata kibarua cha kunishughulisha nikakaa kimya wiki mbili, ndipo zilipoanza. 'Umepewa dau la 30 bure.' Someni mstari wa chini: liishe kabla ya saa sita usiku, mechi zisipungue tano. Wananipa 30, lakini wananichagulia niitumie kwenye mkeka. Nikishinda, zile 30 zenyewe zinatolewa kwenye ushindi. Nikipoteza, nimeshafungua tena akaunti, nimeshaangalia tena mechi za kesho. Hiyo ndiyo bei waliyonunulia kurudi kwangu."

Aliishia hapo, akajibu maswali mawili matatu, akaondoka.

Swali langu. Baada ya kuondoka, mwanachama wetu mmoja alisema hesabu ina pengo, kwa sababu kampuni nyingi zinaongeza bonasi kwenye mkeka mrefu, na hiyo bonasi inafidia. Watu wakagawanyika. Nani yuko sahihi? Nataka kubandika karatasi hii ukutani na sitaki kuweka uongo.

Fundi_Section58

Katibu, mnasumbuka na hesabu ya bure. Mechi zimepangwa. Kompyuta yao inaona mkeka gani una watu wengi, halafu timu moja inauchana dakika ya tisini. Mimi nimeliona hilo mara nyingi mno kuamini ni bahati. Na msiniambie mechi hazipangwi. Zoo FC ya hapa Kericho ilifukuzwa ligi kuu na FIFA mwaka 2021 kwa mambo hayo hayo.

mwalimu_wa_hesabu

Nafundisha sekondari upande wa Njoro. Nimezipitia namba za mgeni wenu moja moja na ziko sawa. 1.90 kumi zikizidishana zenyewe kwa zenyewe ni 613 na kidogo. Mbili kumi zikizidishana hivyo hivyo ni 1,024. Gawa moja kwa nyingine, mchezaji anabakiwa na karibu asilimia 60 ya haki yake.

Kuhusu bonasi, mwanachama wenu ameuliza jambo la maana na linaweza kupimwa. Ili bonasi ifidie, ni lazima iinue 613 hadi 1,024. Hiyo ni nyongeza ya asilimia 67 kwenye mkeka wa mechi kumi. Akuonyeshe kampuni inayotoa asilimia 67 kwa mechi kumi. Tuseme inatoa asilimia 10. Malipo yanapanda hadi mara 674. Bado kampuni inabaki na theluthi moja ya pesa zote. Kwa hiyo bonasi ni ya kweli, inapunguza makato, lakini inakurudishia kipande kidogo cha kile ambacho mkeka wenyewe umekikata. Na inatolewa pale tu unapoongeza mechi, yaani pale ambapo wanaweza kuimudu.

Naongeza tahadhari moja kwa karatasi ya ukutani. Mechi halisi si nusu kwa nusu. Watu wengi hujaza mkeka timu kubwa zinazolipa mara 1.30 au 1.40, na makato ya kampuni si yale yale kila mahali. Kwenye ligi ndogo huwa makubwa zaidi. Kwa hiyo ile moja katika 1,024 itabadilika. Kisichobadilika ni kwamba makato yanazidishana. Andikeni hivyo, kwamba ni mfano.

Kuna pia ushuru ambao mgeni hakuutaja. Tangu Julai 2025, unapoweka pesa kwenye akaunti ya kubeti asilimia 5 inakatwa, na unapotoa inakatwa asilimia 5 nyingine. Hiyo iko nje ya hesabu yote iliyo hapo juu.

Fundi, Zoo FC ni kweli, na ubaya huo upo. Lakini mechi inapopangwa, kwa kawaida kampuni ya kubeti ndiyo inayoibiwa, kwa sababu aliyeipanga ameshaweka pesa zake upande wa pili. Kampuni yenye uhakika wa asilimia 40 haina haja ya kumtafuta mwamuzi wa kumhonga.

Fundi_Section58

Sawa mwalimu, kwenye mpira nimekuelewa nusu. Lakini ile ya kindege, Aviator? Pale hakuna timu wala mwamuzi. Ni kompyuta tupu.

mwalimu_wa_hesabu

Pale uko karibu zaidi na ukweli, matokeo yanatoka kwenye programu. Lakini hata pale hawana haja ya kukulenga wewe. Waliotengeneza mchezo huo wanatangaza wenyewe kwamba unarudisha asilimia 97 ya madau. Watu wanasoma 97 wanaona ni ukarimu. Kindege kinaruka kila baada ya sekunde chache. Mwenye 500 akizungusha dau la 20 mara mia moja kwa kikao kimoja, ameweka jumla ya 2,000, na tatu katika mia ya hizo ni 60. Mkeka unakukata sana mara moja kwa siku. Kindege kinakukata kidogo, lakini mara mia kwa jioni moja. Na hao wanaouza programu ya kutabiri kindege huko Telegram ni wezi, basi.

BodaRhonda

Asante sana kwa uzi huu. Kwa hivyo ushauri ni tuache mikeka, tucheze timu moja moja? Naweza kuanza na 200 kwa siku. Mnapendekeza ligi gani?

Mama_Kondele

Habari zenu wanangu. Mimi niko Kisumu, nauza nguo pale Kibuye. Sijui hizo hesabu, lakini nimesoma yote kwa sababu ya kijana wangu. Amemaliza kidato cha nne mwaka juzi. Mtungi wa gesi ulipotea nyumbani, nikadhani ni wezi. Kumbe aliuuza. Sasa anadaiwa na mikopo ya simu, zaidi ya elfu kumi na mbili, na wanampigia hata shangazi zake. Anasema nikimlipia ataacha. Baba yake anasema asilipiwe hata shilingi. Huyo jamaa aliyezungumza, alipokuwa na madeni alilipiwa na nani?

aliyezungumza

Katibu amenipa kiungo, nimejisajili ili nijibu mambo mawili.

BodaRhonda, ndugu yangu, hapana. Sikusema mcheze timu moja moja. Nilisema timu moja inakula taratibu. Ukiweka 200 kila siku kwa bei ya 1.90, kwa wastani unaacha shilingi kumi kila siku, mia tatu kwa mwezi, na hiyo ni kabla ya ushuru na kama hujaongeza dau. Utaongeza. Mimi nilijaribu hiyo njia ya timu moja moja, na ilinirudisha kwenye mkeka, kwa sababu kupata 180 baada ya kuweka 200 na kungoja dakika tisini hakukunitosha. Lile tangazo lilikuwa limeshanifundisha kwamba ushindi ni elfu thelathini. Ligi siwezi kukupendekezea.

Mama, shikamoo. Mimi nililipiwa na kaka yangu mara ya kwanza, na alinipa pesa mkononi. Nilizibeti zote usiku ule ule, nikitaka kulipa deni na kubakiwa na kitu. Sisemi kijana wako atafanya hivyo. Nasema tu, mkiamua kumlipia, pesa zisipitie kwake. Akae nawe, afungue kila mkopo kwenye simu, uone jina na kiasi, na ulipe wewe mwenyewe moja kwa moja. Na kabla ya hapo, laini na akaunti za kubeti zifungwe. Kama afunge yeye au mfunge pamoja, hilo mnajua nyinyi nyumbani.

Mama_Kondele

Marahaba mwanangu, Mungu akubariki. Lakini zinafungwa vipi? Anasema alishaandika STOP na bado wanamtumia.

dada_wa_simu

Mama, hilo nalijua. Nilifanya kazi huduma kwa wateja kwenye kampuni moja ya kubeti Nairobi, siitaji jina, kabla sijarudi kwetu Kakamega.

Kijana wako akiandika STOP anazuia jina moja la mtumaji. Kampuni inaweza kuwa na majina kadhaa ya kutumia meseji, na kila kampuni aliyojisajili ina yake. Kama laini ni ya Safaricom, apige *456*9*5# achague kuzuia meseji zote za matangazo. Hiyo inasaidia zaidi kuliko STOP, ingawa haizuii Telegram wala matangazo ya mitandaoni.

Kufuta programu kwenye simu si kufunga akaunti. Akaunti inabaki, na namba yake inabaki kwenye orodha. Aandike au apige simu kwa kampuni, aseme anataka akaunti ifungwe kwa sababu ya tatizo la kamari, atumie maneno hayo hayo. Akisema tu anapumzika, anawekwa kwenye kundi la waliolala, na waliolala ndio wanaotumiwa dau la bure.

Na hapo niseme mgeni wa Kaptembwo ameeleza vizuri kitu nilichokiona kwa macho yangu. Orodha zilikuwa zimegawanywa kwa siku ya mwisho mtu alipocheza. Waliocheza jana hawakuhitaji kubembelezwa. Aliyekaa kimya wiki moja alipata meseji ya aina moja, aliyekaa mwezi alipata nyingine yenye zawadi kubwa kidogo. Meseji nyingi zilitoka Ijumaa jioni na Jumamosi kabla ya mechi za Uingereza, na mwisho wa mwezi. Mimi sikuziandika, lakini nilipokea simu za watu waliozijibu. Wengi walipiga kuuliza mbona wameshinda kwa dau la bure lakini hawawezi kutoa pesa. Nilitakiwa niwaeleze kwamba bonasi ni lazima izungushwe kwanza mara kadhaa. Nilieleza hivyo siku nzima. Nilichoka moyo, nikaacha.

Kuna pengo moja, mama, nisikufiche. Akaunti inafungwa kwa namba ya simu. Akinunua laini nyingine, au akitumia ya rafiki, anaanza upya.

Mdau_Mwanza

Wakuu, nawasoma kutoka ng'ambo ya ziwa. Huku kwetu ni yale yale, vijana wa mwalo wakiuza samaki tu wanakwenda kwenye mkeka. Lakini naomba tuwe wakweli. Kuna watu wameshinda. Huko kwenu Kenya mwaka 2017 mtu alishinda jakpoti ya milioni 221, pesa za kweli, akaonyeshwa kwenye televisheni. Huyo hakudanganywa.

mwalimu_wa_hesabu

Hakudanganywa, na nadhani hiyo ndiyo nguvu ya tangazo. Halina uongo ndani yake. Jakpoti hiyo ni ya mechi 17, na kila mechi ina matokeo matatu. Njia za kuijaza ni 129,140,163. Tuseme wewe ni mjuzi kiasi cha kupatia nusu ya mechi zako, jambo ambalo si dogo. Bado nafasi yako ni moja katika 131,072 kwa kila tiketi. Mshindi anaonyeshwa kwa jina na sura, na wale walioshindwa wiki hiyo hiyo hawana pa kuonyeshwa. Ukimwona mtu mmoja, akili inampima kama jirani. Haimpimi dhidi ya mamilioni.

Kipa_wa_zamani

Mimi nina swali kwa wote. Aprili 2025 bodi ya serikali ya kusimamia kamari, BCLB, walisimamisha matangazo yote ya kamari kwa siku 30. Baadaye wakatoa masharti, watu maarufu na wasanii wasitumike kutangaza. Mwaka huo huo sheria mpya ya kamari ikachukua nafasi ya ile ya 1966. Nilifurahi. Nafundisha watoto mpira hapa Bukhungu, na watoto wa miaka kumi na tatu wananitajia bei za mechi kabla hata ya kunitajia wafungaji. Umri wa kubeti ni miaka 18. Wamejulia wapi? Kwenye jezi, kwenye redio, kwenye simu za kaka zao. Kwa nini tusipige marufuku matangazo kabisa?

Fundi_Section58

Ukipiga marufuku, redio za hapa Nakuru na timu zetu za mtaani zitapata wapi pesa? Nakumbuka kampuni moja kubwa ilipositisha biashara yake nchini 2019, klabu za ligi zilihangaika kwa kukosa udhamini. Hilo nalo mlitazame.

Kipa_wa_zamani

Nililiona, nilikuwa ndani yake. Tulikaa bila mishahara. Na bado nasema marufuku. Pesa iliyotulipa ilikuwa ya hawa hawa vijana tunaowazungumzia.

dada_wa_simu

Mimi siko na yeyote kati yenu. Tangazo la redio likiondoka, ile orodha ya waliolala bado ipo. Meseji inayoingia kwenye simu ya mtu mmoja saa nne usiku haisikiwi na yeyote, hata na bodi. Kama mnataka kupigania kitu, pigania hiyo kwanza.

Kipa_wa_zamani

Zote mbili, dada. Mtoto wa miaka kumi na tatu hayumo kwenye orodha yako. Yeye anafikiwa na jezi.

BodaRhonda

Nimesoma tena kutoka mwanzo, nimeelewa sasa. Swali jingine, la kweli. Nitajuaje nimepoteza kiasi gani? Kichwani naona kama niko sawasawa, nashinda napoteza.

aliyezungumza

Wengi tunaona hivyo, kwa sababu ushindi tunaukumbuka kwa siku na saa, na zile 50 za kila asubuhi hazikumbukwi. Usitumie kichwa. Omba taarifa ya M-Pesa ya miezi sita kupitia *334#, itakuja kwenye barua pepe. Tafuta kila mstari wenye jina la kampuni ya kubeti. Kuna pesa zilizotoka na pesa zilizoingia. Jumlisha zilizotoka peke yake, zilizoingia peke yake, halafu toa. Usihesabu salio lililo ndani ya akaunti ya kubeti kama ushindi, mpaka liwe limeingia M-Pesa. Na uweke pembeni mikopo ya simu iliyoingia siku hizo hizo, usije ukaihesabu kama mapato.

Mimi nilipofanya hivyo ndipo nilipogundua kwamba nilikuwa nimebeti zaidi ya kodi ya nyumba. Sikuwahi kulijua kabla ya hapo.

Mama_Kondele

Nimekaa na kijana wangu jioni hii, tumepiga hiyo namba ya kuzuia meseji, imekubali. Akaunti mbili ameandika zifungwe, moja wamejibu, nyingine bado. Ya mikopo tunaongea na baba yake Jumamosi. Bado hajakubali nilipe.

katibu_kapte

Asanteni nyote. Karatasi ya ukutani nimeibadilisha, nimeandika kwamba ni mfano wa mechi za nusu kwa nusu, na nimeongeza mstari wa bonasi ya asilimia 10 ili yule mwanachama aone kwamba swali lake limejibiwa. Suala la kupiga marufuku matangazo tutalijadili kikundini, naona hata hapa halijapata jibu.

Kaka uliyezungumza, kikundi cha Rhonda kimeuliza kama unaweza kwenda kwao pia.

aliyezungumza

Nitakwenda, ila wiki mbili zijazo nina kazi Molo. Waambie kila mmoja aje na taarifa yake ya M-Pesa ikiwa tayari kwenye simu. Wasionyeshane. Kila mtu atajumlisha yake kimya, mimi nitawaelekeza tu mstari upi waangalie.